Hiyo Haituhusu

Skrinshoti ile ilinifikia Jumatano mchana nikiwa maktaba. Ilikuwa imeshapita mikono mingi, na kila mkono uliipunguza ubora kidogo, hadi kingo za herufi zilikuwa na ukungu. Mama ndiye aliyenitumia. Hakusema lolote juu ya picha yenyewe. Chini yake aliandika tu: "Dada yako hataki kuongea na mtu."

Nilikuwa najua habari kwa juu juu. Bibi alifariki, tukazika, na ukoo ukafungua grupu la WhatsApp kwa ajili ya michango ya arobaini. Mimi sikuwemo, mwanafunzi asiye na kipato huwa anasahaulika kwa huruma. Katika grupu hilo, nikaambiwa, Dada alitamka kwamba deni la hospitali aliyolazwa Bibi halimhusu, kila mtu abebe mzigo wake. Mjomba, ambaye alikuwa amelipa sehemu kubwa ya deni hilo peke yake, hakupokea tena salamu zake. Na ushahidi upo, wakasema. Ushahidi ndiyo hiyo picha.

Ungedhani njia rahisi ni kufungua grupu na kusoma. Lakini aliyelifungua aliwasha ujumbe wa kutoweka, ile hali inayofuta kila kitu baada ya siku 7. Picha ilianza kusambaa siku ya nane. Maneno yote ya grupu yalikuwa yameshakwenda, ikabaki picha moja kuyasemea.

Kwa hiyo nilifanya kazi ambayo chuo kimenifundisha kuifanyia mashairi na tamthilia: nilikaa na matini, nikaisoma. Ninaandika hapa namna nilivyoisoma, kwa sababu nadhani wengi wetu tunazihukumu skrinshoti bila kuzisoma.

Hivi ndivyo picha ilivyokuwa, kutoka juu kwenda chini. Visanduku vyote viko kushoto isipokuwa kimoja.

```
           Turubai mbili na viti 150 nimelipia   20:41
Mjomba:    Deni la hospitali limebaki 350,000.
           Tulimalize kabla ya arobaini          20:41
Ma'mdogo:  Na wale wa basi la Singida, nauli
           yao tunalipa sisi?                    20:42
(kulia)    Poleni jamani nilikuwa kwenye
           daladala. Nasoma juu                  20:42
Dada:      Hiyo haituhusu.                       20:43
           kila mtu na mzigo wake                20:51
Mjomba:    | You: Poleni jamani nilikuwa...
           Umeshasoma? Tunakungoja wewe          20:52
Dada:      | Mjomba: Deni la hospitali lime...
```

Hapo picha inakatika. Jibu la Dada chini ya nukuu ile ya mwisho halionekani. Ukingo wa kushoto nao ulikuwa umepunguzwa, kwa hiyo picha ndogo za wasifu hazipo.

Nianze na majina. Katika tamthilia iliyochapwa, kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, jina la mhusika limewekwa kushoto kabla ya kauli yake, na jina hilo ni lile lile kwa kila msomaji. Ukisoma Dar na mwingine akisoma Mombasa, mnamwona mtu mmoja akisema. Skrinshoti ya grupu inafanana na ukurasa wa tamthilia, lakini majina yake yametoka mahali pengine kabisa: yametoka kwenye simu ya aliyepiga picha. WhatsApp inaonyesha jina kama mwenye simu alivyolihifadhi. Namba ambayo hajaihifadhi itaonekana kama namba, pamoja na jina ambalo mwenyewe amejipa.

Sasa fikiria familia ya Kiswahili, ambako simu imejaa Mama Mkubwa, Shemeji, Ba'mdogo na Dada. Haya ni majina ya uhusiano. Hayamtaji mtu, yanataja umbali kati ya mtu na mwenye simu. Mtu mmoja ni Mjomba kwenye simu yangu, ni Baba kwenye simu ya wanawe, na ni Shemeji kwenye simu ya baba yangu. Picha ikitoka kwenye simu ya mtu na kuingia kwenye yako, majina hayabadiliki, lakini wewe unayasoma kana kwamba umeyaandika wewe. Nyumbani kwetu waliona neno "Dada" na kila mmoja akamwona Dada yetu.

Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa: hii ni simu ya nani? Nilipompigia Mama nikamsomea picha kisanduku kwa kisanduku, alinikatisha nilipofika kwenye nauli. "Hayo niliuliza mimi," alisema. "Nilikuwa nawaza mifuko ya watu." Basi aliyeitwa Ma'mdogo ndani ya picha ni mama yangu mzazi. Sisi watoto wake hatuwezi kumhifadhi hivyo. Watoto wa Mjomba nao wangemhifadhi kama Shangazi, na Mjomba angeonekana kama Baba. Anayemwita kaka yao Mjomba na mama yangu Ma'mdogo ni mtoto wa dada yao mkubwa. Mama Mkubwa ana watoto watatu ndani ya grupu lile. Mwenye simu ni mmoja wao, na maneno yaliyo kulia, ya daladala, ni yake mwenyewe, kwa sababu WhatsApp humweka mwenye simu upande wa kulia. Kisanduku cha Mjomba cha saa 20:52 kinathibitisha: alipomnukuu mtu wa daladala, nukuu ikaandikwa "You".

Nakiri hapa nilifurahi mapema. Mama Mkubwa ana binti mkubwa ambaye wadogo zake wanamwita Dada. Nikajiambia, basi, kesi imekwisha, si Dada yetu. Lakini msomaji akipata jibu analolitaka ndipo anapopaswa kurudi juu na kusoma tena. Dada yetu ni mkubwa kwa umri kuliko wawili kati ya wale watatu, na kwetu mtoto wa mama mkubwa ni ndugu tu. Wote wawili wanaweza kuitwa Dada kwenye simu ile. Jina peke yake haliamui.

Kilichoamua ni kile kisanduku kilichokatwa chini kabisa. Anayeitwa Dada anarudi baada ya saa 20:52 na kunukuu maneno ya Mjomba kuhusu deni. Jibu lake hatulioni. Lakini michango ilikuwa inatumwa kwa mhazini kwa simu, na ujumbe wa muamala hautoweki baada ya siku saba. Mama alikuwa na orodha ya mhazini. Usiku ule, saa 20:54, Dada yetu alituma shilingi 100,000, na maelezo yake yalikuwa neno moja: hospitali. Binti mkubwa wa Mama Mkubwa hakutuma kitu siku hiyo. Kwa hiyo Dada wa kwenye picha ni Dada yetu kweli. Nilitafuta njia ya kumtoa, nikamkuta ndani.

Mtu anaweza kusema hiyo laki moja inatosha kumsafisha. Haitoshi. Inawezekana alisema neno la ovyo saa 20:43, akaona aibu, akalipa saa 20:54. Ndivyo binadamu walivyo. Swali bado lipo pale pale: "Hiyo haituhusu." ni jibu la nini?

Wataalamu wa mazungumzo Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, katika makala yao ya mwaka 1974, walieleza jinsi watu wanavyopokezana zamu ana kwa ana: mmoja anaposema, mwingine anasikiliza akingoja mahali pa kuingilia, na zamu inayofuata huonyesha jinsi iliyotangulia ilivyoeleweka. Swali hufuatwa na jibu. Mwaka 1999 Susan Herring alionyesha kwamba kwenye mazungumzo ya maandishi ya kompyuta utaratibu huo unavunjika, kwa kuwa mfumo hupanga ujumbe kadiri unavyoufikia, bila kujali ni jibu la nini. Watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, swali la mmoja litatenganishwa na jibu lake na maneno ya watu wengine. Kukaa karibu si kujibizana.

Kwenye picha yetu, juu ya "Hiyo haituhusu." kuna mambo matatu yanayoweza kujibiwa: deni la Mjomba, nauli ya Mama, na mtu wa daladala. La daladala halina swali. Yanabaki mawili. Waliosambaza picha waliunganisha jibu na deni, kwa sababu deni ndilo lililokuwa linauma.

Lakini Kiswahili kinaacha alama ambazo lugha nyingine hazina. Deni liko katika ngeli ya li-ya. Anayelikataa deni atasema: hilo halituhusu. Nauli iko katika ngeli ya i-zi. Anayeikataa nauli atasema: hiyo haituhusu. Herufi chache tu, mara mbili katika sentensi ya maneno mawili, kwenye kionyeshi na kwenye kitenzi, na zote mbili zinaelekeza kwa nauli.

Nilipomwonyesha rafiki yangu wa darasani alicheka. "Nani anafuata ngeli WhatsApp?" aliuliza, na swali lake ni la haki. Mitaani "hiyo" imekuwa kapu la kila kitu: hiyo gari, hiyo tatizo, hiyo deni. Tena deni ni la hospitali, na hospitali nayo ni hiyo. Na nyuma ya deni kuna hela, nayo ni hiyo. Upatanisho wa ngeli ni ushahidi pale tu mwandishi anapoutunza. Kwa hiyo niliacha picha nikarudi kwenye mazungumzo yangu mwenyewe na Dada, ya miaka mitatu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipoandika kuhusu ada yangu aliandika "hilo deni la ada tutalimaliza". Niliposema "hiyo gari imeharibika" alinijibu kabla hata ya kuuliza kama nimeumia: "Gari hilo." Mjomba, kwa upande wake, huandika "hiyo deni" bila wasiwasi. Kama maneno yale yangekuwa ya Mjomba, ngeli isingetuambia kitu. Kwa kuwa ni ya Dada, inatuambia mengi.

Kuna alama ya pili, ndogo zaidi. Mama aliuliza: nauli yao tunalipa *sisi*? Jibu likaja: hai-*tu*-husu. Ile -tu- inamrudishia Mama sisi yake. Mjomba hakuuliza ni la nani. Alisema tulimalize, na anayemkatalia angeweza tu kusema "mimi sina".

Na ya tatu ni kitu ambacho hakipo. Dada hakunukuu. Kunukuu kwenye WhatsApp kunachukua hatua moja ya ziada, na mtu huichukua anapoona anachojibu kimeshapita. Saa 20:43 hakunukuu, kwa hiyo aliamini anachokijibu kiko mbele ya macho. Mama alikuwa ameuliza dakika moja tu iliyopita. Baadaye, alipotaka kuzungumzia deni, alilinukuu, ingawa kila mtu alikuwa analijua. Kama angekuwa ameshalijibu saa 20:43, kulinukuu upya kungekuwa kujibu mara mbili. Kulinukuu ni kusema: sasa narudi kwenye lile la Mjomba.

Inabaki sentensi iliyochoma zaidi: kila mtu na mzigo wake. Haina jina juu yake. Kwenye grupu, mtu akituma ujumbe kadhaa mfululizo, jina huwekwa juu ya kisanduku cha kwanza tu. Kisicho na jina ni cha yule aliyetajwa juu yake. Ndivyo kila mtu alivyosoma, na kanuni ni sahihi, kwa sharti moja: picha iwe moja.

Ile haikuwa moja. Mandhari ya WhatsApp, yenye vichoro vidogo vidogo, imetulia nyuma ya kioo. Ujumbe ndio unaopanda na kushuka. Ukipiga picha mbili na kuziunganisha, vichoro haviungani. Nilikuza picha hadi ikawa vipande vya rangi, na katikati ya "Hiyo haituhusu." na "kila mtu na mzigo wake" kuna mstari ambapo vichoro vinakatwa na kuanza upya. Tazama pia kisanduku cha kwanza kabisa, cha turubai: nacho hakina jina, na hakuna aliyemhesabia mtu yeyote, kwa sababu kila mtu anaelewa kuwa jina lake limebaki juu ya kioo. Kisanduku cha mzigo nacho kiko juu ya kioo. Ni kioo cha pili tu.

Mshono peke yake si uthibitisho, kwani mtu anaweza kuunganisha picha mahali popote, hata kati ya jumbe mbili za mtu mmoja. Muda peke yake nao hautoshi. Dada angeweza kukaa dakika nane kisha akaongeza, na kama hakuna mwingine aliyeandika, jina lisingerudiwa. Lakini grupu lile lilitoa jumbe tano katika dakika mbili. Tunaambiwa likanyamaza dakika nane, na kimya hicho kikaangukia hasa pale picha ilipounganishwa. Naamini zaidi kwamba watu waliendelea kusema, na waliyosema yamekatwa. Halafu mwandiko: Dada anaweka nukta hata baada ya "Sawa." Sentensi ya mzigo haina nukta mwishoni wala herufi kubwa mwanzoni. Mshono, muda na mwandiko, kila kimoja dhaifu, vyote vinavuta upande mmoja.

Siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Sijui nani aliandika habari ya mzigo. Sijui pia kama aliyeunganisha picha alikusudia, au alitaka tu kuokoa nafasi. Na hata nukuu ninazozitegemea si za kuapia: mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya usalama ya Check Point walionyesha kwamba maneno yaliyonukuliwa katika jibu la WhatsApp, na hata jina la anayenukuliwa, yanaweza kubadilishwa na mwenye ujuzi. Sidhani yupo wa namna hiyo katika ukoo wetu. Lakini nimesema sidhani.

Nilimpigia Mjomba Jumamosi. Nilimweleza habari za nauli, basi, hiyo na hilo. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayelipiwa dakika.

"Mjomba," akaniita, kama anavyotuita sote wapwa zake, "kwa hiyo unaniambia laki ile aliitoa yeye?"

"Ndiyo, Mjomba. Dakika chache baadaye. Imeandikwa hospitali."

Akanyamaza. "Mhazini alinipa jumla tu." Kisha akauliza: "Na haya ya mzigo, ni nani?"

"Sijui."

"Unajua."

Sikumjibu, kwa sababu kulikuwa na jina kichwani mwangu, na sikuwa na lolote la kulishikilia zaidi ya kwamba ningependa liwe yeye. Siku kumi zilizopita watu walikuwa na jina la namna hiyo hiyo, na lilikuwa la Dada.

Jioni nilimwandikia Dada kila kitu, kirefu, kwa hatua, kama nilivyokuandikia wewe. Nilitegemea angalau atacheka kwenye ile ya gari. Alama za bluu zilitokea. Akaandika, akaacha, akaandika tena.

"Asante kwa kunitetea. Nimeisoma yote."

Halafu, baada ya dakika moja, kisanduku cha pili, kisicho na jina kwa kuwa kilikuwa chake bado:

"Ila hukuniuliza. Ulikwenda kuuliza ngeli."